Chumvi Bado: Kwa Nini Watoto Wanaocheza Hutuiga Hadi Visivyo na Kazi

Ukikaa karibu na watoto wanaocheza kupikapika, kinachoshangaza kwanza ni wingi wa kazi isiyohitajika. Mchele ni mchanga, mchuzi ni matope, na hakuna mtu atakayekula. Ingetosha mtoto akoroge mara mbili, apakue, aseme karibuni. Wapi! Anapepeta, anachagua, anaosha na kumwaga maji, anapuliza moto usiokuwepo huku amekunja uso kwa moshi usiokuwepo, anaonja, anafunika, anafunua. Mpishi wa matope ana shughuli nyingi kuliko mimi ninapopika wali wa kweli.

Nilifundisha chekechea kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia kwenye uandishi, na siku hizi nakaa kwa dada yangu hapa Tanga. Meza yangu iko uani, chini ya mwembe, hatua chache kutoka kwenye jiko la mpwa wangu wa miaka minne: mafiga matatu ya vipande vya tofali, kopo la maziwa ya unga badala ya sufuria, kifuu badala ya upawa. Washirika wake ni dada yake wa miaka saba na mvulana wa jirani wa miaka mitano. Nimewatazama sana, mara nyingine kuliko ninavyotazama kazi yangu.

Mambo mawili anayoyafanya binti huyu wa miaka minne ndiyo yaliyonifanya niandike. La kwanza ni kuchagua mchele. Anamimina mchanga kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi, anaupepeta, anapuliza makapi, kisha anainama kutafuta mawe. Mawe, kwenye mchanga! Anadonoa kijiwe kimoja kwa ncha za vidole viwili na kukirusha pembeni bila kukitazama kinaangukia wapi, vilevile kama bibi yake anavyofanya akiwa na ungo mapajani na macho yake yako kwa mgeni anayeongea naye. Hata kule kutotazama kumeigwa.

La pili ni kuonja mchuzi. Anachota matope kwa kifuu, anadondosha tone kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, anakiinua kiganja hadi karibu na mdomo na kukisimamisha kabla hakijagusa ulimi, maana si mjinga. Anapiga ulimi mara mbili, anatazama juu kidogo kama mtu anayekumbuka jambo, anakung'uta mkono, kisha anatoa hukumu: "Chumvi bado."

Siku zote ni "chumvi bado". Sijawahi kusikia imetosha.

Jibu tulilozoea ni kwamba watoto huiga kila wanachokiona, basi. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu si kweli kwamba wanaiga kila kitu. Bibi yake akipika hukohoa, huvuta khanga inayomporomoka, hujikuna shingo, hupiga miayo. Hivyo havionekani kwenye jiko la tofali. Mtoto anachuja. Anaacha kikohozi na kuchukua tone la kiganjani. Anajuaje kwamba kikohozi si sehemu ya upishi na tone ni sehemu yake, wakati vyote viwili machoni pake havina sababu?

Kuna jaribio moja linalosaidia sana hapa. Mwaka 2002 György Gergely na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa watoto wa miezi 14. Mtu mzima aliketi mezani mbele ya mtoto, na juu ya meza palikuwa na taa ya kubonyeza. Aliinama akaiwasha kwa paji la uso. Kundi moja la watoto lilimwona akifanya hivyo huku amejifunika blanketi na kulishikilia kwa mikono yote miwili, kama mtu anayesikia baridi. Kundi la pili lilimwona akifanya hivyohivyo, ila mikono yake ilikuwa huru, imelala juu ya meza. Wiki moja baadaye watoto walipewa taa. Waliomwona akiwa na mikono huru, asilimia 69 waliinama na kuiwasha kwa paji la uso. Waliomwona ameshika blanketi, ni asilimia 21 tu waliofanya hivyo. Wengine wakatumia mkono kama mtu yeyote mwenye akili timamu.

Hebu fikiria mtoto ambaye hata kutembea hajakuwa hodari amewaza nini. Kama mikono yake ilikuwa na shughuli, basi kichwa kilikuwa cha lazima tu, mimi natumia mkono. Lakini kama mikono ilikuwa wazi na bado akaamua kutumia kichwa, lazima pana sababu. Siijui, ila ipo, na mpaka niijue nitafanya kama yeye. Kikohozi hakikukusudiwa, kila mtu anaona. Tone la kiganjani lilikusudiwa: bibi aliacha kukoroga, akageuza mkono, akaonja, akatamka neno. Mtoto hushika kile ambacho mtu mzima anaonekana amekichagua.

Jaribio lingine limefanyika karibu na kwetu, na ndilo ninalolipenda zaidi. Katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda, kuna kisiwa kinaitwa Ngamba ambacho ni hifadhi ya sokwe yatima. Victoria Horner na Andrew Whiten wa Chuo Kikuu cha St Andrews walitumia sanduku lenye tundu juu na tundu mbele, na ndani yake zawadi. Mtafiti alichukua fimbo, akaichomeka kwanza kwenye tundu la juu na kugongagonga, halafu akaihamishia tundu la mbele na kutoa zawadi. Sanduku likiwa jeusi, sokwe wachanga wa Ngamba walifuata hatua zote. Walipoletewa sanduku la namna hiyohiyo lakini linaloonyesha ndani, ambamo ungeona wazi kwamba tundu la juu lina kizuizi na fimbo haifiki kwenye zawadi, sokwe waliachana na tundu la juu. Walikwenda moja kwa moja mbele, wakachukua chao.

Watoto wa Uskoti wa miaka mitatu na minne walipewa sanduku hilohilo linaloonyesha ndani. Wakagonga juu kwanza.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005, na wengi waliyapokea kwa kicheko, kwamba sokwe wamewashinda watoto wetu akili. Baadaye mambo yakazidi. Timu ya Derek Lyons huko Yale, katika utafiti wa 2007, iliwafundisha watoto kwanza kutambua hatua za kipuuzi na kuwasifu walipozitaja, kisha ikawapa vifaa vya kufungua. Watoto walionyeshwa namna, na hatua za kipuuzi wakazirudia vilevile. Na si ugonjwa wa watoto wa Ulaya na Marekani tu: Mark Nielsen na Keyan Tomaselli, mwaka 2010, walikuta tabia hiyohiyo kwa watoto wa jamii za Wasani wa Kalahari. Waliokuwa tofauti ni watoto wa Waaka, wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati, ambao katika utafiti uliotoka 2015 waliruka hatua zisizo na kazi zaidi kuliko watoto wa majirani zao wakulima. Kwa hiyo malezi nayo yana mkono wake. Waaka hawana desturi ya kumsimamia mtoto na kumwelekeza fanya hivi, fanya vile, na huenda ndiyo sababu mtoto wao hadhani kila tendo la mkubwa ni somo.

Lakini je, ni upuuzi kweli? Nilimuuliza dada yangu kwa nini mama yetu huonjea kiganjani na si kwenye mwiko. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini tunavaa viatu miguuni. Kisha akasema, "Utie mate kwenye chungu cha watu?" Hiyo ndiyo sababu: mwiko uliogusa mdomo haurudi kwenye chakula cha watu wengine. Mpwa wangu haijui sababu hiyo, wala hajaiuliza. Ameshakuwa na tendo kamili mkononi mwake, na sababu itamfikia baadaye.

Tuchukue mfano mzito zaidi. Mihogo michungu ina kemikali ambazo zinapovunjika hutoa sianidi, sumu. Wanaoitegemea wana taratibu ndefu: kumenya, kuloweka au kuvundika kwa siku kadhaa, kuanika hadi ikauke, ndipo itwangwe. Ukifupisha utaratibu huo, kwa kawaida huanguki siku hiyo. Unga unaonekana unga, ugali unaonekana ugali. Madhara huja kwa watu walioula hivyo wiki baada ya wiki huku chakula chao kikiwa na protini kidogo. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilipata mlipuko wa konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na hauponi, na unaowapata zaidi watoto na wanawake. Njaa ilikuwa imewalazimisha watu kula mihogo michungu iliyoandaliwa kwa haraka.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya msichana anayejifunza kuandaa mihogo hiyo. Akiwa na akili ya sokwe wa Ngamba, yaani fanya kinachoonekana kufanya kazi na uruke mengine, ataruka siku mbili za kuloweka na ataona mambo ni sawa tu. Hakuna kosa litakalojitokeza haraka kiasi cha kumfundisha. Njia pekee ya kumlinda ni kufuata yote, pamoja na yale asiyoyaelewa, kwa sababu bibi yake aliyafanya kwa kukusudia. Bibi mwenyewe huenda hajui habari za sianidi. Binadamu tumejaa maarifa ya namna hii, ambayo aliyenayo hawezi kuyaeleza na anayeyapokea hawezi kuyapima. Kwa kiumbe wa aina hiyo, kuiga hadi visivyo na kazi ni hasara ndogo anayoilipa ili asipoteze kile chenye kazi.

Hayo yanaeleza kuiga. Hayajaeleza kucheza. Mtoto angeweza kuiga jikoni palepale, na mara nyingine hujaribu. Kwa nini aende chini ya mwembe?

Sehemu ya jibu ni wakati. Mwanasaikolojia Jean Piaget aliandika juu ya binti yake Jacqueline, wa mwaka mmoja na miezi minne, aliyemwona mtoto mgeni akipiga kelele kwa hasira ndani ya kizimba cha watoto, akikisukuma na kukanyaga chini kwa vishindo. Jacqueline alisimama akimtazama kwa mshangao. Kesho yake, akiwa kizimbani mwake, alipiga kelele zilezile na kukanyaga chini vilevile, ila kwa utulivu, mara kadhaa, kama anayepima nguo. Tukio limekwisha, aliyelifanya hayupo, na mtoto sasa analifanya kwa mwendo wake mwenyewe. Jikoni bibi hakusubiri. Mafuta yakichemka vitunguu vinaingia, na mtoto anasukumwa pembeni asiungue. Chini ya mwembe anaweza kurudia kuonja mara saba mfululizo, na ndivyo afanyavyo.

Sehemu nyingine ni wenzake. Jikoni mtoto ni mtazamaji. Mchezoni anasimamiwa na watu wanaojua kama yeye na wasiomwonea huruma. Mvulana wa jirani siku moja alimimina "mchele" moja kwa moja kwenye kopo. Yowe lilitoka kana kwamba amemwaga chakula cha wageni. "Hujaosha! Hujaosha wewe!" Ikabidi autoe, aoshe kwa maji ya hewa, amwage maji ya hewa, ndipo arudishe. Wanasaikolojia wamelipima jambo hili pia. Hannes Rakoczy na wenzake, mwaka 2008, waliwaonyesha watoto wa miaka mitatu mchezo mpya kabisa uliobuniwa na watafiti, kisha wakaleta kikaragosi kikaucheza kwa njia nyingine. Watoto walikikemea: siyo hivyo, ni hivi. Waliuona mchezo ule kwa mara ya kwanza dakika chache zilizopita na tayari walikuwa polisi wake. Kwa mtoto, alichokifanya mkubwa hubadilika upesi kuwa inavyotakiwa ifanywe.

Upande wa maneno ni mtamu zaidi, na ndipo ninaposhindwa kabisa kuendelea na kazi yangu.

Mpwa wangu akiwa mama, sauti inashuka na mwendo unapungua. Anaanza sentensi kwa "haya" na "sasa": "Haya, nani hajala? Sasa wewe mbona umekaa tu?" Akiwa mtoto, "haya" inapotea kabisa. Mtoto kwenye mchezo hasemi haya. Analalamika, anavuta maneno, anaomba. Mwaka 1977, katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu huko Stanford, Elaine Andersen alikaa na watoto wadogo wakichezesha vikaragosi vya familia, vya hospitali na vya darasani. Aligundua kwamba hata wa miaka minne hawakuchanganya sauti: baba alipewa sauti nzito na amri kavu, mama sauti laini zaidi na maelezo, na vile vineno vya kufungulia mazungumzo, ambavyo kwetu ndiyo haya, sasa, ehee, alipewa zaidi mwenye madaraka. Hakuna mzazi anayemfundisha mtoto wake kwamba "haya" ni ya mkubwa. Mtoto amelisikia neno hilo kutoka upande mmoja tu, na akashika.

Andersen hakuwa na shikamoo ya kushughulika nayo. Kwenye Kiswahili mchezo huu una mtego ambao watoto wanaujua vizuri. Anayekuwa mama ndiye anayeamkiwa. Kwa hiyo mpwa wangu wa miaka minne akishanyakua umama, dada yake wa miaka saba atalazimika kumwamkia shikamoo, na mdogo atajibu "marahaba" kwa sauti ya kuivuta, bila kuinua macho kutoka kwenye kopo. Nimewaona wakigombania nafasi hiyo kwa dakika nyingi kuliko walizocheza. Mkubwa alijaribu ujanja: "Basi mimi ni shangazi nimekuja kutembea." Mdogo akafikiri, akauliza, "Shangazi mkubwa au mdogo?" Hapo nilicheka hadi nikajulikana kwamba nasikiliza, na mchezo ukavunjika. Angalia lakini alichouliza. Anajua kwamba salamu inafuata umri, na kwamba cheo cha shangazi peke yake hakijamaliza hesabu. Amepata wapi nafasi ya kuifanyia mazoezi? Nyumbani yeye ndiye mdogo wa wote. Maisha yake yote yeye ni wa kuamkia. "Marahaba" ni neno analolisikia kila siku na hana ruhusa ya kulitumia kwa mtu yeyote, isipokuwa hapa.

Nadhani hapo ndipo penye kiini cha mchezo wenyewe. Watoto huigiza zaidi kile ambacho wanakiona kila siku na hawaruhusiwi kukishika.

Ushahidi wa jambo hili uko Kenya. Miaka ya 1950 watafiti walikwenda katika jamii sita duniani kuchunguza maisha ya watoto, na mojawapo ilikuwa Nyansongo, katika nchi ya Wakisii. Nyingine zilikuwa Okinawa, Ufilipino, India, Meksiko na mji mmoja wa Marekani. Carolyn Pope Edwards alirudia kuchambua kumbukumbu hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Watoto wa Nyansongo, pamoja na wale wa kijiji cha India, walikuwa chini kabisa kwa jumla katika aina za michezo zilizohesabiwa, ya kujifanya watu wazima ikiwa mojawapo. Haraka mtu angeweza kusema ni watoto wasio na ubunifu. Lakini tazama walichokuwa wakifanya: walichunga ng'ombe, walibeba maji, walilea wadogo zao. Binti wa miaka sita mwenye mtoto wa kweli mgongoni atamfunga mwanasesere wa gunzi ili iweje?

Ukiwauliza watoto wenyewe, wanasema hivyohivyo. Mwaka 2018 Jessica Taggart, Megan Heise na Angeline Lillard walichapisha utafiti ambamo watoto wa Marekani wa miaka mitatu hadi sita waliulizwa kama wangependa kufanya kazi fulani kweli au kujifanya, kazi kama kukata mboga au kumlisha mtoto mchanga. Wengi walichagua kweli. Waliochagua kujifanya mara nyingi walitoa sababu za woga, au kwamba hawawezi, au kwamba hawaruhusiwi. Lillard huyohuyo na wenzake walikuwa wameshapitia tafiti nyingi mwaka 2013 na kuona kwamba ushahidi wa mchezo wa kuigiza kumwongezea mtoto akili au ubunifu ni dhaifu. Nawaambia hivi wazazi wanaoniuliza kama wanunue lile jiko la plastiki la bei mbaya: kama ni kwa furaha yake, nunua. Kama ni kwa ajili ya ubongo, mpe kisu butu na nyanya.

Kuna kitu kimoja ambacho mchezo huu hautwambii, na nilikiona kikiwapotosha walimu wenzangu chekechea. Mtoto akimchapa mwanasesere, mwalimu huanza kunong'ona juu ya mama yake. Polepole. Mchezoni mtoto haigizi mama yake hasa. Anaigiza mama, yaani kile alichokusanya kwa mama wote aliowaona: wake, wa jirani, wa kwenye tamthilia. Mpwa wangu hajaanza shule na hajawahi kuchapwa na mwalimu yeyote, lakini akiwa mwalimu kitu cha kwanza anachotafuta ni fimbo, na neno la kwanza ni "Nyamazeni!" Ameazima kwa dada yake na wenzake. Kinachostahili kufuatiliwa ni mchezo uleule unaojirudia bila kubadilika, ambao mtoto anaucheza kwa hofu, hatulii baada yake na hataki mwingine auingilie. Huo ni tofauti na fimbo ya kawaida ya mwalimu wa mchangani.

Na upande wa pili, mtoto ambaye haigizi chochote? Kujifanya kwa kwanza huonekana kati ya miezi 12 na 18: kunywa kwenye kikombe kitupu, kuweka simu ya kopo sikioni. Kulisha mwanasesere hufuata, na kugawana nafasi za baba na mama huja karibu na miaka mitatu. Orodha ya maswali aliyoichapisha Simon Baron-Cohen na wenzake mwaka 1992 kwa ajili ya kugundua usonji mapema inauliza kuhusu kujifanya katika miezi 18, lakini haiulizi hilo peke yake. Inauliza pia kama mtoto anakuonyesha kitu kwa kidole ili nawe ukione. Mtoto ambaye hajifanyi, haonyeshi kwa kidole na haitiki jina lake apelekwe kliniki. Mtoto anayefanya yote hayo ila hana mchezo wa kupikapika kwa sababu yuko jikoni kweli anamenya njugu, mwacheni amenye.

Kwetu hapa mambo yamebadilika kidogo. Dada yangu alichoka kufukuza mtu jikoni, akampa donge dogo na chupa ya soda ya kusukumia. Chapati za kwanza zilikuwa na pembe nne, zikaliwa. Tangu hapo chapati za matope zimetoweka chini ya mwembe. Anazo za kweli. Wali bado ni wa mchanga, maana moto na maji ya kuchemka hajaruhusiwa, na chumvi bado.

Lakini karibu na mafiga pamefunguliwa biashara mpya. Ni kiti cha plastiki kilichopinduliwa, na nyuma yake ameketi mvulana wa jirani na simu ya kipande cha mbao. Ni wakala wa pesa za simu. Mteja anakuja, anataja kiasi, wakala anauliza namba, anabonyeza ubao kwa kidole gumba kwa kasi ya ajabu. Kisha anainua simu juu, anaigeuza kushoto na kulia kuelekea angani, anashusha pumzi na kusema, "Mtandao unasumbua. Subiri kidogo." Nimekaa hapo asubuhi nzima. Hakuna muamala hata mmoja uliopita bila mtandao kusumbua kwanza.